Fundi wa tovuti ameondoka: namna ya kumfundisha muuzaji wako kubadili bei, saa na matangazo bila kuharibu

Wenye maduka wa Nachingwea na Ruangwa wamekuwa wakiniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: "Fundi amemaliza, nimemlipa, tovuti iko hewani. Sasa bei ikipanda nimpigie kila mara? Na kijana wangu wa dukani nikimwachia, si atavuruga?"

Mwachie. Ila mwachie sehemu tatu tu, yaani bei, saa za kufungua na matangazo, na umfungie mengine kadiri inavyowezekana. Hofu ya wengi ni kwamba kijana atabonyeza kitu na tovuti nzima itazimika. Akaunti ikiwa imewekwa vizuri, hilo si rahisi kutokea. Kinachotokea mara kwa mara ni makosa madogo ambayo hayazimi kitu chochote. Nukta inakaa mahali pa mkato, saa 2 asubuhi inaandikwa kama saa 8 usiku, ofa iliyokwisha inabaki pale. Tovuti inaonekana nzima kabisa, huku mteja wa Kilimarondo anapanda gari kwa bei ambayo haipo.

Nitachukua duka la mfano la vifaa vya ujenzi, lenye tawi Nachingwea na lingine Ruangwa, na tovuti ya WordPress yenye duka la WooCommerce ndani yake, kwa kuwa mafundi wengi hutumia hiyo. Bei nitakazotaja ni za mfano. Vifaa vya ujenzi nimevichagua kwa sababu ya korosho. Minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huanza kwa kawaida mwezi Oktoba. Mkulima akishalipwa, mara nyingi bati na saruji huwa kwenye orodha yake ya manunuzi. Wiki hizo bei hubadilika haraka, na mwenye duka yuko nyuma akihesabu mzigo. Aliye mbele na simu mkononi ni muuzaji.

## Kabla ya somo lolote: kila mtu na akaunti yake

Kosa la kwanza ni la mwenye duka mwenyewe. Fundi alimkabidhi jina na nenosiri la akaunti kuu, naye akalituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Akaunti hiyo inaitwa Administrator. Inaweza kufuta tovuti yote, na wanaoijua sasa ni watu sita, wawili kati yao walishaacha kazi.

Ingia kwenye Users, kisha Add New, umfungulie kila mfanyakazi akaunti yake kwa barua pepe yake. Hapo utaulizwa cheo chake, yaani Role. Viwili vinakuhusu:

- Editor kwa anayeandika matangazo na kurekebisha kurasa. Haoni menyu ya Plugins wala ya Settings, na hawezi kubadili bei za bidhaa za WooCommerce.
- Shop manager kwa anayebadili bei. Anaona bidhaa na oda, na anaweza pia kuhariri kurasa na matangazo.

Kwa Shop manager pana tahadhari moja ambayo mafundi wengi hawaitaji. Cheo hiki kinafungua mipangilio ya WooCommerce, pamoja na sehemu ya Payments. Kama wateja wako hulipa kwa kufuata maelezo yaliyo kwenye tovuti, namba ya kupokelea pesa imeandikwa humo. Mpe cheo hicho mtu mmoja au wawili unaowaamini, na kila Jumatatu asubuhi fungua ukurasa wa malipo kama mteja, usome namba hiyo kwa sauti ukiilinganisha na ya kwako. Kazi yenyewe haimalizi dakika mbili.

Utaniuliza: duka langu lina wafanyakazi wawili tu, kuna haja gani ya akaunti tofauti? Haja ni kwamba tangazo likikosewa, WordPress itakuonyesha aliyelibadili na wakati alipolibadili. Wote wakitumia akaunti moja, kila kosa litakuwa la "sijui nani".

Akaunti ya Administrator ibaki kwako, imeunganishwa na barua pepe yako wewe, si ya fundi. Kama bado ni ya fundi, badilisha kabla hujaendelea kusoma.

## Bei: nukta ndiyo adui

Dukani tunaandika 28,500/=. Wengine wanaandika 28.500. Kwenye karatasi hakuna tofauti, kila mtu anaelewa. Kwenye WooCommerce tofauti ni kubwa, kwa sababu nukta hapo ni alama ya sehemu ya shilingi. Muuzaji akiandika 28.500 kama bei ya bati la geji 30, mfumo unaipokea bila kulalamika, na mteja anaona bati la shilingi 28 au 29. Akiandika 28,500 kwa mkato, mfumo humwonyesha onyo jekundu kwamba alama ya maelfu haitakiwi. Yaani linaloonywa ndilo kosa dogo, na kosa kubwa linapita kimya.

Kanuni unayomfundisha ni moja: tarakimu tupu. Hakuna mkato, hakuna nukta, hakuna Tsh, hakuna /=. Anaandika hivi:

```
28500
```

Mkato utawekwa na tovuti yenyewe. Hakikisha fundi alipanga WooCommerce, Settings, General, chini ya Currency options, hivi: Thousand separator iwe mkato, Decimal separator iwe nukta, Number of decimals iwe 0.

Sasa tubadili bei moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bati la geji 30 limepanda kutoka 28,500 hadi 30,000.

1. Bei mpya inaandikwa kwanza kwenye daftari la bei: tarehe, bidhaa, bei ya zamani, bei mpya, sahihi ya aliyeidhinisha. Bila sahihi hakuna kubadili.
2. Muuzaji anafungua Products, anatafuta bidhaa, anabonyeza Edit.
3. Kwenye Product data, ndani ya General, anasoma Regular price iliyopo. Ikiwa hailingani na "bei ya zamani" ya daftari, anasimama na kuuliza. Huenda amefungua geji 28.
4. Anaandika 30000, kisha anabonyeza Update.
5. Mtu mwingine anafungua tovuti kwa simu yake, ambayo haijaingia kwenye akaunti yoyote, na kusoma bei. Akiona 30,000 anatia sahihi kwenye daftari.

Najua hatua ya kwanza na ya tano ndizo zitakazorukwa. Usikubali. WordPress hutunza matoleo ya zamani ya kurasa na matangazo, kwa hiyo maneno yaliyofutika unaweza kuyarudisha. Bei za WooCommerce hazitunzwi hivyo. Ukiandika 30000 juu ya 28500, ile 28500 imekwenda, na tovuti haitakukumbusha ilikuwa ngapi. Daftari la shilingi elfu mbili ndilo kumbukumbu pekee uliyonayo.

### Ofa iliyosahaulika

Chini ya Regular price kuna kisanduku cha Sale price, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Wiki ya Nane Nane uliweka ofa: bati la 28,500 liuzwe 27,000. Ofa ikaisha, hakuna aliyeifuta. Oktoba muuzaji anapandisha Regular price hadi 30,000, anabonyeza Update, anaridhika. Mteja bado anaona 27,000, na pembeni yake 30,000 imekatwa mstari. Kwa macho yake ofa imenoga zaidi.

Mfundishe kutazama visanduku vyote viwili kila mara. Na ofa yoyote iwekwe kwa kubonyeza neno Schedule lililo pembeni ya Sale price, aandike tarehe ya kuanza na ya kuisha, ili ijifunge yenyewe.

### Kupandisha bidhaa nyingi kwa mkupuo

WooCommerce inaruhusu kuchagua bidhaa nyingi na kuziongezea asilimia kwa pamoja. Mpige marufuku muuzaji wako. Mtandao ukisuasua, atadhani haikukubali, atabonyeza tena, na nyongeza ya asilimia 5 itapanda juu ya nyongeza nyingine ya asilimia 5. Bidhaa ishirini zikibadilishwa moja moja zitachukua mchana mmoja, na kila moja itakuwa imepita kwenye daftari.

### Bei inakaa wapi kwingine?

Chukua karatasi, andika kila mahali bei ya bati inaposomeka: kwenye tovuti, katalogi ya WhatsApp Business, bango lililobandikwa Facebook, ubao wa tawi la Ruangwa. Orodha hiyo ibandikwe ndani ya jalada la daftari. Bei ikibadilika, inabadilika kote siku hiyo hiyo. Na uache kabisa kuweka bei ndani ya picha. Bei iliyo ndani ya picha hairekebishwi, inabidi picha nzima itengenezwe upya, na ile ya zamani tayari inazunguka kwenye simu za watu.

## Saa za kufungua: hapa Kiswahili na kompyuta vinapishana

Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Muuzaji anayejua fika kwamba duka linafunguliwa saa 2 asubuhi ataona kisanduku cha saa, atachagua 2:00 AM, na ataona amemaliza. Tovuti na ramani ya Google sasa zinasema duka linafunguliwa saa 8 usiku. Akiendelea, "saa 12 jioni" ataichagua kama 12:00 PM, ambayo ni saa 6 mchana. Mteja wa alasiri ataambiwa duka limefungwa, huku ninyi mko mlangoni.

Usimwambie "ongeza au punguza sita" peke yake. Kwa haraka atachanganya. Mpe jedwali, libandikwe karibu na kaunta:

| Tunavyosema | Saa 24 | Kwenye skrini ya Kiingereza |
|---|---|---|
| Saa 1 asubuhi | 07:00 | 7:00 AM |
| Saa 2 asubuhi | 08:00 | 8:00 AM |
| Saa 6 mchana | 12:00 | 12:00 PM |
| Saa 8 mchana | 14:00 | 2:00 PM |
| Saa 12 jioni | 18:00 | 6:00 PM |
| Saa 3 usiku | 21:00 | 9:00 PM |
| Saa 6 usiku | 00:00 | 12:00 AM |

Kwa maneno yanayosomwa na wateja kwenye tovuti, andikeni Kiswahili kamili: "Saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni." Msiandike "2:00 – 12:00", kwa kuwa mgeni aliyetoka nje ya nchi na mkulima wa Mnero watazisoma tofauti. Jedwali ni la kujazia visanduku tu.

Ijumaa ni somo zuri la mazoezi. Tuseme tawi la Nachingwea linafungwa kwa ajili ya swala kuanzia saa 6 na nusu mchana hadi saa 8. Kwenye wasifu wa biashara wa Google, siku moja inaweza kuwa na vipindi viwili. Kwa hiyo Ijumaa inajazwa 8:00 AM hadi 12:30 PM, kisha kinaongezwa kipindi cha 2:00 PM hadi 6:00 PM. Mwache muuzaji ajaze mwenyewe wewe ukitazama. Akiipata Ijumaa, siku nyingine hazitamshinda. Ruangwa ina wasifu wake peke yake, na saa zake zijazwe huko. Nimeona matawi mawili yakibandikwa wasifu mmoja, na wateja wakaelekezwa mji usio wao.

### Sikukuu

Saa za sikukuu hazijazwi juu ya saa za kawaida. Mtu akibadili Jumatatu ya kawaida kuwa "Closed" kwa sababu ya Idi, Jumatatu zote zitakazofuata duka litaonekana limefungwa. Google ina sehemu ya Special hours kwa kazi hii: unachagua tarehe, unajaza saa za siku hiyo, na ikipita mambo yanarudi yenyewe. Muungano tarehe 26 Aprili, Saba Saba na Nane Nane zinaweza kujazwa mapema mwaka mzima. Idi inategemea mwezi, kwa hiyo mpangie muuzaji mmoja jukumu la kuijaza jioni ile ile mwezi unapotangazwa.

Onyo moja la kuandika kwa wino mwekundu: kwenye Google kuna Temporarily closed na Permanently closed. Ya kwanza ni kufunga kwa muda. Ya pili inaiambia dunia kwamba duka limekufa. Muuzaji asiguse yoyote kati ya hizo bila kukupigia simu. Na kwenye Google pia mpe cheo cha Manager, wewe ubaki Owner.

## Matangazo: andika, acha, soma, ndipo utoe

Tangazo la "mzigo umeingia" haliharibu hesabu, lakini likishatoka halirudi. Watu wanapiga skrinshoti. Kwa hiyo kila tangazo lianze kama rasimu. Muuzaji anaandika, anabonyeza Save draft, anaendelea na wateja. Mtu wa pili analisoma, ndipo linatolewa kwa Publish.

Rasimu inasaidia pia mtandao unapokatika. WordPress hujihifadhia kazi kila baada ya muda mfupi, lakini haitumi kitu kama bando limekwisha. Mzoeze kuandika maneno marefu kwanza kwenye daftari la simu, kisha kunakili.

Kabla ya Publish, msomaji wa pili anauliza haya:

- Bei iliyotajwa inalingana na daftari?
- Ni tawi gani? "Saruji ipo" bila kutaja tawi itamtoa mtu Nandagala hadi Nachingwea wakati mzigo uko Ruangwa.
- Tangazo linaisha lini?
- Kwenye picha kuna sura ya mteja, risiti yenye namba ya simu, au namba ya gari lake? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu huyo. Mwombe ruhusa, au piga picha ya bati peke yake.

Ukipanga tangazo litoke kesho saa 2 asubuhi, likatoka saa 5, hitilafu iko kwenye Settings, General, Timezone. Fundi ameiacha kwenye UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ingia kwa akaunti yako ya Administrator uchague Dar es Salaam. Tarehe za ofa nazo zitanyooka.

Mara nyingine muuzaji wa Ruangwa atafungua ukurasa na kukuta ujumbe kwamba mwenzake wa Nachingwea anauhariri, na kitufe cha Take over. Akikibonyeza, anamnyang'anya mwenzake kazi mkononi. Asikibonyeze. Apige simu.

## "Nimebadilisha, lakini mteja haoni"

Hili litatokea wiki ya kwanza. Tovuti nyingi hutunza nakala ya ukurasa ili ufunguke haraka, na nakala hiyo huweza kuwa ya jana. Ugumu wake ni kwamba aliyeingia kwenye akaunti mara nyingi huonyeshwa ukurasa mpya, wakati mteja bado anapewa nakala ya zamani. Ndiyo maana nilisisitiza simu ya mtu mwingine.

Muuzaji afanye hivi kwa mpangilio:

1. Afungue ukurasa kwenye dirisha la Incognito. Kama bei mpya ipo, basi tatizo ni simu ya mteja, naye aburuze ukurasa kwenda chini ili ufunguke upya.
2. Kama bei ni ya zamani, arudi kwenye bidhaa ahakikishe Update ilikubali.
3. Kama ilikubali, akuite wewe ubonyeze kitufe cha kusafisha nakala, ambacho fundi anapaswa kukuonyesha kilipo kabla ya kukabidhi kazi. Mara nyingi kimeandikwa Purge au Clear cache.

Asibadili bei mara ya pili "ili ikubali". Hapo ndipo bei za ajabu huzaliwa.

## Siku za mafunzo

Usimketishe mfanyakazi umwonyeshe wewe huku yeye akitikisa kichwa. Simu iwe mkononi mwake tangu dakika ya kwanza, na iwe ile ile atakayoitumia kazini, kwa kuwa menyu za simu hazifanani na za kompyuta.

Tengeneza bidhaa ya mazoezi. Kwenye orodha ya Products, chini ya jina la bidhaa kuna neno Duplicate. Linakupa nakala ambayo ni rasimu, haionekani kwa wateja. Iite "Bati la mazoezi". Humo abadili bei, aweke ofa, aifute. Mwambie aandike makusudi 28.500 kisha aitazame, aone kosa linavyoonekana. Aliyeliona mara moja kwa macho yake atalitambua likija kweli.

Siku ya pili abadili bei halisi ya kitu kidogo, misumari kwa mfano, akipita kwenye daftari hatua zote tano. Siku ya tatu ajaze saa za sikukuu ijayo na kuandika tangazo moja la rasimu. Kisha kaa wiki nzima ukiwa wewe ndiye msomaji wa pili. Ukiona daftari linajazwa bila kukumbushwa, mpe msomaji wa pili kutoka miongoni mwa wafanyakazi wenzake.

Anayeuliza "kwani fundi si angekuja kuwafundisha?" namjibu kwamba fundi aje, lakini wewe uwepo. Fundi anajua vitufe. Hajui kwamba bati la Ruangwa lina bei yake kwa sababu ya usafiri, wala nani ana mamlaka ya kuidhinisha.

## Mfanyakazi akiondoka

Siku anayoaga, fungua Users na kuiondoa akaunti yake. WordPress itakuuliza ufanyeje na kazi alizoandika. Jibu lisilo sahihi linafuta matangazo yake yote. Chagua Attribute all content to, kisha jina lako, ndipo uthibitishe. Mwondoe pia kwenye wasifu wa Google wa matawi yote mawili na kwenye simu yoyote iliyounganishwa na WhatsApp ya duka. Orodha ya sehemu hizo iwe ukurasa wa mwisho wa daftari la bei, na atakayeondolewa aweke sahihi yake hapo pamoja na yako.